Walioficha na waliokiri: jedwali moja, majibu matatu

*Naandaa tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii. Nilihoji wagonjwa 1,000 wanaotumia ARV kwenye kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Kwa AUDIT-C, dodoso la maswali matatu kuhusu pombe, 270 walikuwa na unywaji hatarishi, na 63 kati yao virusi havijafubaa. Kati ya 730 waliobaki, 97 havijafubaa. Uwiano wa hatari ni 1.76. Najua watu huficha pombe. Msimamizi wangu anasema niandike tu kwamba kosa hilo hupunguza uhusiano, kwa hiyo ukweli ni mkubwa kuliko nilichopata. Je, inatosha? Sikupima damu, nifanye nini sasa?*

Msimamizi wako anaweza kuwa sahihi, ila kwa sharti ambalo sentensi yake haikulitaja: kwamba wagonjwa ambao virusi vyao havijafubaa wanaficha pombe kwa kiwango kilekile wanachoficha wale waliofubaza. Kwenye CTC sharti hilo ni gumu kulitetea, na likivunjika, takwimu zako zilezile zinaweza kumaanisha uhusiano mkubwa mno au kutokuwepo kwa uhusiano wowote. Nitakuonyesha kwa jedwali lako mwenyewe. Kwanza, tuone watu wanavyoingia kwenye kundi lisilo lao, kwa sababu wengi wao hawakukudanganya.

Mchukue mwanamume anayekunywa kila Jumamosi tu, chupa tatu za bia za mililita 500. Swali la kwanza la AUDIT-C ni mara ngapi. Jumamosi nne kwa mwezi zinampa alama 2. Swali la pili ni vinywaji vingapi kwa siku anayokunywa. Anajibu "tatu", nawe unazungushia "3 au 4", alama 1. Swali la tatu ni mara ngapi amefikisha vinywaji sita au zaidi kwa kikao kimoja. Anajibu "sijawahi", alama 0. Jumla ni 3, na kizingiti cha wanaume ni 4, kwa hiyo umemweka kwa wasio na unywaji hatarishi.

Sasa hesabu alichokunywa. AUDIT ilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani ikichukulia kinywaji kimoja kuwa na takriban gramu 10 za alkoholi halisi. Gramu unazipata kwa kuzidisha ujazo, asilimia ya alkoholi na 0.79, ambao ndio uzito wa mililita moja ya alkoholi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 500 × 0.05 × 0.79, yaani karibu gramu 20. Hivi ni vinywaji viwili ndani ya chupa moja. Chupa tatu ni vinywaji sita. Swali la pili sasa linampa alama 2 badala ya 1, na la tatu linampa 3 badala ya 0, maana anafikisha sita kila wiki. Jumla ni 7. Mtu aliyesema kweli tupu amehama kutoka chini ya kizingiti hadi karibu mara mbili yake, kwa sababu tu neno "kinywaji" lilikuwa na maana mbili kwenye meza moja.

Kwa vinywaji vya kienyeji ni taabu zaidi. Mbege hutofautiana nguvu kati ya mpishi na mpishi na kati ya siku na siku. Lita moja yenye asilimia 4 ina gramu 32 hivi. Ikiwa na asilimia 7 ina gramu 55. Chombo kinapopita mkono kwa mkono, mnywaji mwenyewe hajui kiasi kilichomfikia. Halafu kuna neno "pombe" lenyewe. Kwa watu wengi pombe ni ya kienyeji, na cha chupa ni bia. Ukiuliza "unakunywa pombe?" utajibiwa "hapana" na mtu aliyekunywa bia jana jioni, na kwa lugha yake amejibu sawasawa. Ndiyo sababu dodoso zuri hutaja kila kinywaji kwa jina lake la eneo husika, kisha huonyesha picha za vyombo: chupa, glasi, kopo, kibuyu.

Upande wa pili kuna waliohesabiwa kuwa wanywaji ilhali sasa si wanywaji. AUDIT-C ya kawaida huuliza miezi 12 iliyopita. Mgonjwa aliyeacha miezi minane nyuma, baada ya kupata majibu ya VVU, bado anapata alama kwa pombe ya kabla ya kuacha. Hawa si wengi kama wanaoficha, lakini wapo, na baadaye utaona kwamba wachache tu wanatosha kusogeza hesabu.

Baada ya hao ndipo wanakuja waliokuficha kwa makusudi. Mgonjwa wa CTC amekuwa akiambiwa tangu siku ya kwanza aache pombe. Anayeuliza amekaa kwenye kituo kilekile, pengine amevaa koti jeupe, na faili liko mezani. Pengine mgonjwa anaogopa kunyimwa kitu. Dawa ya kuzuia kifua kikuu, isoniazidi, huweza kudhuru ini, na pombe huongeza hatari hiyo; kwa hiyo mgonjwa anayekiri kunywa sana anaweza kuahirishiwa. Akishalijua hilo, jibu lake linabadilika.

Tuingie kwenye jedwali. Una wagonjwa 160 ambao virusi havijafubaa na 840 waliofubaza. Waliokiri unywaji hatarishi ni 63 kati ya 160, na 207 kati ya 840. Namba hizi nne zinatosha.

Jaribio la kwanza tulifanye kwa sharti la msimamizi wako. Chukulia dodoso linanasa wanywaji hatarishi 60 katika kila 100 kwenye makundi yote mawili, na kwamba hakuna asiyekunywa aliyeingizwa kimakosa. Basi wanywaji halisi kati ya wasiofubaza ni 63 ÷ 0.6 = 105, na kati ya waliofubaza ni 207 ÷ 0.6 = 345. Jumla ya wanywaji ni 450, si 270. Kati yao 105 hawajafubaza, yaani asilimia 23.3. Wasiokunywa halisi, yaani wasio na unywaji hatarishi, ni 550, na 55 kati yao hawajafubaza, asilimia 10. Uwiano wa hatari ni 2.33.

Angalia kilichobadilika. Hatari ya wanywaji haikusogea: ilikuwa asilimia 23.3 kwa waliokiri na imebaki 23.3. Kilichoharibika ni kundi la kulinganishia. Ndani ya wale 730 uliowaita wasio na unywaji hatarishi mna wanywaji 180 waliojificha, 42 kati yao wakiwa hawajafubaza. Ndio waliopandisha hatari ya kundi hilo kutoka asilimia 10 hadi 13.3, na ndio waliokushusha kutoka 2.33 hadi 1.76. Hiyo ndiyo maana ya kusema kosa lisilobagua, yaani linaloyapata makundi yote kwa kiwango kilekile, hupunguza uhusiano: makundi mawili yanachanganyika, na vitu vilivyochanganyika hufanana.

Jaribio la pili: wasiofubaza wanaficha zaidi. Hili si jambo la kubuni. Mgonjwa ambaye kipimo kimeonyesha virusi vingi anajua ataulizwa kwa nini, na pombe ndiyo jibu analolikwepa. Chukulia kwa wasiofubaza dodoso linanasa asilimia 50, na kwa waliofubaza asilimia 69. Wanywaji halisi wanakuwa 126 kati ya 160 na 300 kati ya 840. Hatari kwa wanywaji ni 126 kwa 426, asilimia 29.6. Kwa wasiokunywa ni 34 kwa 574, asilimia 5.9. Uwiano unafika 5. Hapa msimamizi wako yuko sahihi kuliko anavyodhani.

Jaribio la tatu ndilo linalonifanya nisikubali ile sentensi yake. Mgonjwa asiyefubaza huitwa kwenye vikao vya ziada vya ushauri wa ufuasi wa dawa. Akifika kikao cha tatu, mshauri amekwisha kumjua, pombe imekwisha kuandikwa kwenye faili, na hakuna tena cha kuficha. Aliyefubaza, kwa upande wake, anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo na hataki mtu aguse utaratibu huo. Chukulia basi dodoso linanasa asilimia 90 ya wanywaji kwa wasiofubaza, na asilimia 60 kwa waliofubaza. Wanywaji halisi ni 70 na 345. Hatari kwa wanywaji ni 70 kwa 415, asilimia 16.9, kwa wasiokunywa ni 90 kwa 585, asilimia 15.4. Uwiano ni 1.1. Karibu uhusiano wote ulioukuta umetokana na tofauti ya ukweli kati ya makundi mawili ya wagonjwa, si pombe.

Jedwali halikubadilika hata namba moja. Limekubali 2.33, limekubali 5, limekubali 1.1. Ukubwa wa sampuli hausaidii hapa. Ungehoji watu 10,000 ungepata jibu lilelile, ila ukiwa na uhakika mkubwa zaidi wa jambo ambalo huenda si kweli. Kipindi cha uaminifu cha asilimia 95 hupima bahati ya kuchagua sampuli, hakipimi uongo.

Kuna hesabu fupi inayokuambia uko umbali gani na hatari hiyo. Gawanya asilimia ya waliokiri kwenye makundi mawili: 63 kwa 160 ni asilimia 39.4, na 207 kwa 840 ni asilimia 24.6. Uwiano wake ni 1.6. Ikiwa hakuna wasiokunywa walioingizwa kimakosa, hii ndiyo mizani yako: wasiofubaza wakiwa wakweli mara 1.6 kuliko waliofubaza, kwa mfano asilimia 80 dhidi ya 50, uhusiano unafutika. Wakizidi hapo, pombe itaonekana kuwa kinga. Jiulize kama tofauti ya 80 kwa 50 inawezekana kwenye kliniki yako. Wewe ndiye uliyekaa pale, si mhakiki wa tasnifu.

Takwimu zenyewe pia zinakuwekea mipaka, na watu wengi hawaitumii. Kwa wasiofubaza dodoso haliwezi kunasa chini ya asilimia 39.4, maana 63 ÷ 0.394 tayari ni wagonjwa wote 160. Ukisoma mahali kwamba kipimo fulani kinanasa asilimia 35 tu ukakiweka hapa, utapata wanywaji 180 kati ya wagonjwa 160. Hesabu ikikupa watu zaidi ya waliopo, au hasi, hiyo ni habari: thamani uliyoazima haiwezi kuwa ya wagonjwa wako.

Mpaka sasa nimechukulia kwamba hakuna aliyehesabiwa mnywaji bila kuwa mnywaji. Turudi kwa yule aliyeacha miezi minane iliyopita. Tuseme katika kila wasiokunywa 100, watano wanaingia kwa wanywaji, na dodoso linanasa wanywaji 60 kwa 100, sawa kwa makundi yote. Kanuni ya kurekebisha inakuwa hivi: toa kwenye waliokiri asilimia 5 ya kundi zima, kisha gawanya kwa 0.60 + 0.95 − 1, yaani 0.55. Kwa wasiofubaza ni (63 − 8) ÷ 0.55 = 100. Kwa waliofubaza ni (207 − 42) ÷ 0.55 = 300. Hatari ni 100 kwa 400 dhidi ya 60 kwa 600, na uwiano ni 2.5. Watano tu kwa mia wamekusogeza kutoka 2.33 hadi 2.5. Unywaji ukiwa adimu, kwa mfano kwenye kundi ambalo wanywaji ni 5 kwa 100, hao watano wa kimakosa wangekaribia kuwa wengi kama wanywaji wenyewe, na uhusiano ungezama hata kama hakuna aliyeficha. Kwa hiyo mnapopima wanawake wa eneo ambalo wengi hawanywi, angalieni waliozidishwa kabla ya waliofichwa.

Kwenye R kanuni hiyo ni mistari michache:

```
Se <- 0.60; Sp <- 0.95
rekebisha <- function(a, n) (a - (1 - Sp) * n) / (Se + Sp - 1)
A <- rekebisha(63, 160)
B <- rekebisha(207, 840)
(A / (A + B)) / ((160 - A) / (1000 - A - B))
```

`Se` ni uwezo wa kunasa wanywaji, `Sp` ni uwezo wa kuwaacha nje wasiokunywa. Itakurudishia 2.5.

Umeuliza ufanye nini ikiwa huna damu. Anza na ulichonacho kwenye makaratasi. Tafuta tarehe ya mahojiano na tarehe ambayo mgonjwa alipewa majibu ya wingi wa virusi. Hii ndiyo nguzo ya suala zima. Waliohojiwa kabla ya kujua majibu hawana sababu ya kubadilisha jibu kwa ajili ya majibu hayo, na kama mhojaji naye hakujua, kosa lao linakaribia kuwa lisilobagua. Waliohojiwa baada ya kujua ni watu wengine. Wagawe wasiofubaza kwa mstari huo na ulinganishe asilimia ya waliokiri. Ikiwa kabla ya majibu wanakiri 30 kwa 100 na baada ya vikao vya ushauri 48 kwa 100, tayari unaona jaribio la tatu likitokea mbele yako. Wakiwa sawa, dai la msimamizi wako limepata mguu mmoja wa kusimamia. Fanya vivyo hivyo kwa mhojaji: muuguzi wa kliniki na msaidizi wa utafiti wakipata asilimia zinazoachana sana kutoka kwa wagonjwa wanaofanana, tofauti hiyo ni ya chumba, si ya pombe.

Baada ya hapo, badala ya kuchagua thamani moja, chagua masafa na uyatetee. Kwa mfano, kwa wasiofubaza unasema dodoso linanasa kati ya asilimia 50 na 90, na kwa waliofubaza kati ya 40 na 80, kisha unaiachia kompyuta ichote maelfu ya jozi humo:

```
set.seed(1)
k <- 10000
Se1 <- runif(k, 0.50, 0.90)
Se0 <- runif(k, 0.40, 0.80)
A <- 63 / Se1
B <- 207 / Se0
RR <- (A / (A + B)) / ((160 - A) / (1000 - A - B))
quantile(RR, c(0.025, 0.5, 0.975))
mean(RR <= 1)
```

Mstari wa mwisho unakupa sehemu ya majaribio ambayo uhusiano umefutika au umegeuka. Tahadhari mbili. Hapa `Se1` na `Se0` zimechotwa kila moja kivyake, kana kwamba kliniki ambayo wasiofubaza ni wakweli haituambii lolote kuhusu waliofubaza. Kwa kweli zinaelekea kwenda pamoja, hivyo masafa utakayopata ni mapana kuliko inavyostahili. Lakini pia hayajaingiza bahati ya sampuli, na hilo linayafanya kuwa membamba kuliko inavyostahili. Usiseme kimoja kinafidia kingine. Kisha fanya hesabu kwa wanaume peke yao na wanawake peke yao, kwa sababu mwanamke anayekunywa anahukumiwa vikali zaidi na huenda anaficha zaidi, na kizingiti chake cha AUDIT-C ni 3, si 4.

Ikiwa una nafasi ya kurudi kliniki hata kwa sehemu ndogo, kipimo cha kutafuta ni PEth, fosfatidiletanoli. Ni mafuta yanayoundwa kwenye utando wa chembe nyekundu za damu pale tu alkoholi inapokuwepo mwilini, kwa hiyo chakula au ugonjwa wa ini haukitengenezi. Kinaonekana kwa wiki mbili hadi nne baada ya kunywa sana, na kinaweza kupimwa kwenye matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Watafiti wa Mbarara, Uganda, wamekitumia kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa VVU, wakimhesabu mtu kuwa na unywaji hatarishi endapo AUDIT-C imefika kizingiti au PEth imefika nanogramu 50 kwa mililita. Matatizo ni gharama na mashine. Si maabara nyingi za kanda hii zinazoweza kukisoma.

Usichote wagonjwa ovyo kwa kipimo hiki. Unahitaji kujua uwezo wa kunasa kwa kila kundi peke yake, kwa hiyo chota wasiofubaza na waliofubaza kwa idadi zinazokaribiana, hata kama waliofubaza ni wengi mara tano. Na kinachohesabika ni wanywaji halisi, si wote uliowapima. Ili kukadiria asilimia 60 kwa kosa la asilimia 10 juu na chini, unahitaji wanywaji halisi wapatao 92 kwenye kundi. Wakiwa 30 tu, kosa linafika asilimia 17 au 18, na masafa mapana hivyo unaweza kuyapata kwa kufikiri tu bila kumtoboa mtu kidole.

PEth nayo si hakimu wa mwisho. Anayekunywa bia moja kwa wiki anaweza kusomeka chini ya kizingiti, na aliyeacha miezi miwili iliyopita atasomeka safi ilhali AUDIT-C inamhesabu kihalali. Ndiyo maana kwenye mahojiano ya sehemu hii uliza siku 30 zilizopita, pembeni ya miezi 12. Vilevile, ukimwita mtu mnywaji kwa kutumia PEth au dodoso, chochote kitakachotangulia kuonyesha, umejipa mwenyewe `Sp` ya asilimia 100: kwa tafsiri hiyo hakuna tena anayeweza kuingizwa kimakosa na dodoso. Hilo ni chaguo lako, si ugunduzi, na liandikwe hivyo. Na wale walioficha na PEth ikawakosa hawaonekani popote, kwa hiyo uwezo wa kunasa utakaoupata umepambwa kidogo.

Jambo la mwisho kuhusu jedwali lako: usijaribiwe kuwagawa wagonjwa katika makundi matatu, wasiokunywa, wastani na wazito, ukidhani kanuni ya msimamizi wako itakufuata huko. Kwenye makundi matatu hata kosa lisilobagua linaweza kukuza uhusiano. Mnywaji mzito akikiri "kidogo" anaingia kundi la kati akiwa amebeba hatari yake nzito, na kundi la kati linaonekana la hatari kuliko lilivyo. Wala usikimbilie kwenye gramu kwa siku. Kila mtu akitaja nusu ya anachokunywa, madhara ya gramu 40 yataandikwa mbele ya gramu 20, na mteremko wa hatari kwa kila gramu utakuwa mara mbili ya ule wa kweli. Hapo kosa halijapunguza kitu, limezidisha.

Na kama ndani ya kundi lako la wasiokunywa mna walioacha kwa sababu ya kuugua, watenge na ambao hawajawahi kunywa. Mwaka 1988 Shaper na wenzake walionyesha kwa wanaume wa Uingereza jinsi walioacha kwa maradhi wanavyoweza kulifanya kundi la wasiokunywa lionekane dhaifu, hadi wanywaji wakaonekana wenye afya. Swali moja linatosha: "Umewahi kunywa siku za nyuma? Uliacha lini?"

Kwenye sura ya mapungufu, badala ya ile sentensi ya msimamizi, ningeandika hivi: "Unywaji ulipimwa kwa maelezo ya mgonjwa bila kipimo cha damu. Ikiwa dodoso lilinasa asilimia 60 ya wanywaji hatarishi kwenye makundi yote mawili, na hakuna asiyekunywa aliyeingizwa kimakosa, uwiano wa hatari ungekuwa 2.33. Uhusiano ungefutika iwapo wanywaji hatarishi wasiofubaza walikiri kwa kiwango cha mara 1.6 ya wanywaji hatarishi waliofubaza." Chini yake weka idadi ya waliohojiwa kabla na baada ya kupewa majibu ya wingi wa virusi, na asilimia ya waliokiri kwa kila upande.